Edipode alikosea wapi hasa?

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa kwanza sanaa za maonyesho. Kwenye notisi zetu imeandikwa kasoro ya Mfalme Edipode ni kiburi, mpinduko ni pale anapoanguka, na katharsisi ni watazamaji kulia. Lakini utabiri si ulishatoka kabla hajazaliwa, sasa kiburi kinahusikaje? Na hivi vitu vitatu vinaunganika vipi? Naomba kwa lugha nyepesi.

Jibu:

Marahaba mwanangu. Hilo la utabiri wengi wanalipita tu bila kuuliza, na ukilifuata mpaka mwisho utaona hivyo vitu vitatu vinatoka shina moja. Ila kwanza tuweke hadithi sawa, maana Edipode ina hadithi mbili, kuna iliyotokea zamani na kuna inayotokea stejini mbele yetu, na watu wakizichanganya hizo ndo wanapotea.

Ya zamani ni hii. Laio mfalme wa Thebe aliambiwa kwamba atauawa na mtoto atakayemzaa na mkewe Yokasta. Mtoto akazaliwa, hata siku tatu hazijaisha akatobolewa vifundo vya miguu vikafungwa pamoja, akapewa mtumishi akamtupe mlimani Kitheroni afie huko. Mtumishi akaingiwa na huruma, akampa mchungaji mwingine wa kutoka Korintho, na yule akampeleka kwa mfalme wake Polibo na malkia Merope ambao hawakuwa na mtoto. Wakamlea kama wa kwao. Amekuwa kijana, siku moja kwenye karamu mlevi mmoja akaropoka kwamba wewe sio mtoto halisi wa Polibo. Wazazi kuulizwa wakakasirika, wakamsema sana yule mlevi, lakini neno likamkaa rohoni, akaondoka kimyakimya kwenda Delfi kumuuliza mungu Apolo. Huko akaambiwa atamuua baba yake na kumwoa mama yake. Akaogopa, hakurudi Korintho tena, akashika njia nyingine, na pale njia tatu zinapokutana akagombana na mzee mmoja aliyekuwa kwenye gari la farasi, akamuua yeye na walioambatana naye, akabaki mmoja tu aliyekimbia. Akafika Thebe, akategua kitendawili cha Sfinksi, lile dubwana lililokuwa linawamaliza watu, wakamfanya mfalme na kumwozesha mjane wa mfalme aliyekufa. Wakazaa watoto wanne.

Sasa angalia, yote hayo hatuyaoni. Sofokle aliyeandika tamthilia hii Athene kwenye karne ya 5 kabla ya Kristo alichukua siku moja tu, ile siku ukweli unapotoka, akaiweka stejini. Pazia likifunguka (tuseme hivyo, ingawa wao hawakuwa na pazia) baba ameshauawa, mama ameshaolewa, watoto wameshazaliwa. Thebe ina tauni, mazao yanakauka, mifugo inakufa, wanawake wanajifungua watoto wafu, na wananchi wamekaa mbele ya jumba la mfalme wanaomba msaada. Edipode anatoka anawaambia nimeshamtuma shemeji yangu Kreoni kwenda Delfi. Kreoni anarudi na jibu kwamba aliyemuua Laio yuko humuhumu mjini, mumtoe tauni iishe. Edipode palepale anatangaza uchunguzi na anamlaani huyo muuaji mbele ya watu wote, hata kama atakuwa anaishi ndani ya nyumba yangu, anasema, laana inipate mimi.

Ndo maana hoja ya kiburi inaanza kuyumba mapema kabisa. Watu wanaosema kiburi wanatoa mfano wa anavyomfokea Teiresia yule mtabiri kipofu, na anavyomshuku Kreoni kwamba anapanga kumpindua. Ni kweli anafoka, ni kweli anashuku watu bila ushahidi, hasira anayo na siwezi kumtetea. Lakini hayo anayafanya leo, na kitu kilichomwangusha kilishafanyika miaka mingi nyuma. Jiulize hivi: tungempa upole wa njiwa, akamkaribisha Teiresia kwa heshima zote na Kreoni akamkumbatia, ingebadilika nini? Bado baba kamuua, bado mama kamwoa, na ukweli ungetoka vilevile, pengine ungetoka mapema zaidi. Sasa fanya upande wa pili, tuseme hasira zake zote ziko palepale ila pale kwenye njia tatu anajua kwamba huyu mzee ni baba yangu mzazi. Hapo hadithi nzima inakufa. Kwa hiyo kinachobeba hadithi ni kule kutojua kwake, na hicho ndo kipimo ninachowapa wanafunzi, toa kitu unachodai ni kasoro ya shujaa uone kama anguko bado linasimama. Likisimama, ulichotoa ni tabia yake tu.

Na huu sio ubishi wangu mwenyewe. Neno hamartia, hilo ambalo notisi zenu zinaliita kasoro, tunalipata kwa Aristoteli, aliyeandika kuhusu tanzia kwenye karne ya 4 kabla ya Kristo, miaka mingi baada ya Sofokle kufa. Yeye alikuwa anauliza swali la kiufundi kabisa, mtu wa aina gani akianguka sisi watazamaji tutashikwa na huruma pamoja na hofu? Akajaribu. Ukimchukua mtu mwema sana ukamtupa kwenye mateso bila sababu, watu watachukia tu, wataona ni unyama. Ukimchukua mwovu ukampandisha cheo, hakuna atakayemhurumia. Ukimchukua mwovu wa kupindukia ukamwangusha, watu watasema amepata alichostahili, watakwenda zao kulala. Akabakiwa na mtu wa katikati, sio malaika na sio mwovu, mwenye hadhi na jina kubwa, anayeanguka kwa sababu ya kosa fulani na sio kwa sababu ya uovu wake. Na mfano wa kwanza aliotaja hapo ni huyuhuyu Edipode. Sasa kama Aristoteli mwenyewe amesema sio uovu, sisi tukija kuandika kwenye notisi kwamba ni dhambi ya kiburi tunakuwa tumemgeuza aseme kinyume. Hii tafsiri ya kasoro ya tabia ilikolea baadaye sana, watu wakaipenda kwa sababu inafariji, mtu kaadhibiwa kwa kosa lake basi dunia iko sawa, na kwenye mtihani inaandikika kwa sentensi moja. Mwaka 1966 mtaalamu mmoja wa Oksfodi, Dodds, aliandika makala nzima akilalamika kwamba wanafunzi wake wanamjibu hivyohivyo, kwa hiyo usijisikie vibaya, tatizo ni la zamani.

Basi kosa lenyewe liko wapi? Hapa tuingie kwa karibu maana ndipo utamu ulipo. Rudi Delfi. Edipode alienda na swali moja, wazazi wangu ni akina nani? Apolo hakulijibu. Alimwambia kitu kingine kabisa, utamuua baba na kumwoa mama. Na yeye kwa ile hofu akatoka mbio kumkimbia Polibo na Merope, yaani akafanya mambo kama mtu aliyeambiwa rasmi kwamba Polibo ndiye baba yake, wakati hicho ndo kitu pekee ambacho hakuambiwa. Swali alilokwenda nalo alilisahau njiani. Kungekuwa na kichwa baridi angesema ngoja kwanza, kama sina uhakika na wazazi wangu, basi mwanaume yeyote wa umri wa baba yangu nisimguse na mwanamke yeyote wa umri wa mama yangu nisimwoe. Rahisi kusema ukiwa umekaa. Kijana ameambiwa jambo la kutisha namna ile, amekimbia ili asiwadhuru watu anaowapenda, na kule kukimbia ndo kukamfikisha kwenye njia tatu. Kosa ni la kweli, lina matokeo, ni la kwake, na bado hutaweza kumwita mtu mbaya kwa ajili yake.

Hata lile pigano anavyolisimulia mwenyewe kwa Yokasta, mtangulizi wa msafara na yule mzee walitaka kumtoa njiani kwa nguvu, yeye akampiga dereva aliyekuwa anamsukuma, mzee akavizia anapopita pembeni ya gari akamchapa kichwani na mchokoo wenye ncha mbili, ndipo naye akamrudishia kwa fimbo. Anamalizia kwa kusema niliwaua wote. Hapo hasira ipo na imezidi kipimo, sikatai, na nikiona mwanafunzi anaiandika kama sehemu ya kosa simkati maksi. Ila hasira bila ile kutojua ingempa kesi ya mauaji ya barabarani tu. Haingempa tanzia hii.

Tuje kwenye utabiri sasa, maana ndo uliokusumbua. Ni kweli kuua na kuoa vilishatabiriwa. Lakini tafuta popote pale utabiri uliposema kwamba siku fulani Edipode ataamua kuchunguza mpaka ajue. Hamna. Hilo analifanya yeye, kwa hiari yake, na watu watatu wanajaribu kumzuia kwa zamu. Teiresia anakataa kusema, anamwomba amwache arudi nyumbani. Yokasta anamsihi kwa jina la miungu aache kuuliza. Yule mtumishi mzee anajaribu kunyamaza mpaka anatishiwa mateso. Kila mara Edipode anasukuma mbele. Na kinachomsukuma ni kitu kilekile kilichomfanya apendwe Thebe, hawezi kuacha fumbo bila kulitegua na hawezi kuwaacha watu wake wafe kwa tauni. Kwa hiyo ukiniuliza kuna nini ndani ya tabia yake kinachohusika na anguko, nitakuambia tazama sifa zake nzuri kabla hujaenda kwenye mbaya.

Mpinduko sasa. Hapa notisi zako zimekosea kidogo tu lakini hicho kidogo ni kikubwa. Kuanguka peke yake sio mpinduko. Mfalme akipigwa na radi ameanguka, ila hakuna kilichopinduka. Aristoteli anataka tendo ligeuke likazaa kinyume cha lilichokusudiwa, na ligeuke kwa sababu zilizomo ndani ya hadithi yenyewe, sio kwa bahati iliyotoka juu. Na mfano wake, tena anautaja wazi, ni ule wa mjumbe kutoka Korintho. Ngoja nikupitishe hapo taratibu.

Kabla mjumbe hajafika kuna mpinduko mdogo wa kuonja. Edipode amekasirishwa na Teiresia, Yokasta anataka kumtuliza mumewe. Anamwambia usijali watabiri, hawajui kitu, mfano ninao mimi mwenyewe, Laio aliambiwa atauawa na mtoto wake, mtoto tukamtupa mlimani, na Laio akaja kuuawa na majambazi wa kigeni mahali njia tatu zinapokutana. Amesema hivyo kumfariji. Edipode hasikii faraja yoyote, anasikia njia tatu. Anaanza kuuliza, wapi? Lini? Laio alikuwa anafananaje? Alikuwa na watu wangapi? Yokasta anajibu, ni nchi ya Foki njia ya Delfi inapokutana na ya Daulia, ni muda mfupi kabla wewe hujashika utawala, alikuwa mrefu, mvi zimeanza kumtoka, na umbo halikutofautiana sana na lako. Walikuwa watano na gari moja. Kila jibu linamkaba zaidi. Tumaini lake lililobaki ni dogo mno, kwamba yule mtumishi aliyenusurika alisema majambazi, wengi, na mimi nilikuwa peke yangu, mmoja hawezi kuwa wengi. Anaagiza aitwe. (Na cha ajabu, mtumishi akija kufika hakuna hata mmoja anayemuuliza hilo swali, maana jambo kubwa zaidi limeshalimeza.)

Ndipo anaingia mjumbe wa Korintho, mzee mchangamfu, anatarajia kupewa chochote kwa habari aliyobeba. Polibo amefariki, watu wa Korintho wanataka kumfanya Edipode mfalme wao. Yokasta anafurahi wazi, na Edipode akisikia kwamba Polibo amekufa kwa uzee na maradhi anapumua, si niliambiwa nitamuua, sasa kafa mwenyewe mi niko huku sijagusa silaha. Utabiri umeoza. Ila bado anasema namwogopa mama, maana Merope yuko hai. Mjumbe anashangaa, kwani ni kwa sababu ya huyo mama ndo umekuwa mkimbizi miaka yote hii? Basi ngoja nikutue mzigo, Polibo hakuwa damu yako hata kidogo. Alikupokea kutoka mikononi mwangu. Nilikutoa mlimani Kitheroni, miguu imetobolewa, nikakufungua, nawe jina lako la miguu kuvimba ulilipata hapo. Nilipewa wewe na mchungaji mwingine, nadhani walimwita mtu wa Laio.

Umeiona? Mzee huyu hana ubaya wowote. Amekuja kumfurahisha mfalme, amesikia mfalme ana hofu, ameitoa hofu kwa kusema ukweli. Na huo ukweli unaomtoa hofu ndo unaomwangamiza. Hakuna radi, hakuna mungu anayeshuka, kila sentensi inazaa inayofuata. Kingine anachokisifu Aristoteli hapa ni kwamba mpinduko na utambuzi vimekuja pamoja, yaani mambo yanageuka kwa sababu mtu amejua asichokijua. Na hapo urudi kwenye kosa: kama Edipode asingekuwa gizani kuhusu yeye ni nani, mjumbe asingekuwa na kitu cha kumfunulia. Kosa ndo limetayarisha mahali pa kupindukia.

Alafu kuna jambo linaloonekana stejini tu, kwenye kusoma unaweza kulipita. Wakati hao wanaume wawili wanaulizana habari za Kitheroni, Yokasta amesimama palepale. Mistari mingi inapita hasemi neno. Yeye anajua miguu ya nani ilitobolewa na nani alipelekwa mlima ule. Anaelewa kabla ya mumewe, na mwigizaji anayemcheza ana kazi ngumu kuliko wote, atafanya nini na uso wake muda wote huo. Edipode akimgeukia kumuuliza kuhusu huyo mchungaji ndo anajibu usijali, achana na maneno hayo, anamsihi, anamwombea asijue kamwe yeye ni nani, anaingia ndani. Na Edipode anasoma vibaya tena! Anadhani mkewe anaona aibu kwamba mume wake huenda ni mtoto wa mtumwa. Anasema mimi ni mtoto wa Bahati, sitaona haya. Ndo furaha yake ya mwisho hiyo, na ukumbi mzima unajua.

Mchungaji analetwa, ni yuleyule aliyepewa mtoto akamtupe na ndiye yuleyule aliyenusurika njia tatu, kwa mikupuo miwili tofauti. Ukisema hiyo ni bahati iliyonyooka mno sitabishana nawe, Aristoteli naye aliona vipengele visivyoingia akilini kwenye hadithi hii, kwa mfano mfalme kukaa miaka yote bila kujua mtangulizi wake alikufaje, ila akasema afadhali hivyo vimewekwa nje ya tamthilia. Mchungaji anabanwa, anasema niko ukingoni mwa kusema jambo la kutisha, Edipode anajibu nami niko ukingoni mwa kulisikia, lakini sina budi kusikia. Anasikia.

Katharsisi ndo ngumu kidogo, na nakuambia mapema kwamba Aristoteli aliitaja kwenye maana yake ya tanzia kama kipande cha sentensi, kwamba tanzia kwa njia ya huruma na hofu inaleta katharsisi ya hisia za namna hiyo, alafu akaendelea na mambo mengine bila kuieleza. Ndo maana wataalamu wanagombana mpaka leo. Kuna wanaosema ni kama dawa ya kuharisha, hisia zilizolundikana zinatolewa unabaki mwepesi, na msemaji mkubwa wa upande huo alikuwa Mjerumani Bernays mwaka 1857, akitegemea mahali pengine Aristoteli alipozungumzia muziki na watu wanaotulia baada ya kusisimka. Wengine wanasema hisia hazitolewi, zinasafishwa, unajifunza kuhurumia na kuogopa kinachostahili kwa kiasi kinachostahili. Kwa mwaka wa kwanza jua tu kwamba pande zote mbili zipo, usiandike moja kana kwamba ndo amri.

Ila wasichogombania ni hivi, hisia zenyewe ni mbili na zote lazima ziwepo. Huruma ni kwa mtu anayeteseka bila kustahili. Hofu ni kwa sababu ni mtu kama sisi. Unaweza kulia kwenye filamu ya mtoto mgonjwa ukamaliza boksi la tishu bila hofu hata chembe, hiyo ni huzuni. Kwa Edipode unatetemeka, maana unajiuliza, mimi nina uhakika gani na mambo ninayoyaona ya hakika? Na hapa tena kosa linarudi. Angekuwa mwovu, huruma isingekuwepo. Angekuwa hana kosa lolote, tungeona ni ukatili mtupu. Kosa la mtu mwema asiyejua ndo linafungua milango yote miwili kwa mpigo.

Tena angalia Sofokle alivyoipa muda. Tamthilia ina mistari 1530 na ukweli wote unatoka kabla kidogo ya mstari wa 1190. Zaidi ya mistari 300 imebaki. Kama kazi ilikuwa kutushtua, si angemaliza hapo? Badala yake mtumishi anatoka ndani kutusimulia, Yokasta amejinyonga, Edipode amemshusha, amechomoa pini za dhahabu kwenye nguo yake akajichoma macho nazo tena na tena. Hatuonyeshwi tukio, tunasikia. Alafu yeye mwenyewe anatoka akipapasa. Korasi wanamuuliza ni mungu gani aliyekusukuma, anawajibu kwamba ni Apolo aliyeyaleta mateso haya, lakini mkono uliopiga macho ni wangu mwenyewe. Anaeleza kwa nini hakujiua, angekwenda kuzimu na macho gani ya kumtazama baba na mama? Anaomba binti zake waletwe awashike, watoto ambao ni dada zake pia. Hapo hofu imeshatulia kidogo na huruma imepata nafasi ya kukaa, na watu waliokuwa wanatetemeka nusu saa nyuma sasa wanamsikiliza kipofu anawaombea watoto wake. Mi naona katharsisi, kwa tafsiri yoyote utakayoichagua, inafanyika kwenye hiyo mistari 300, na waongozaji wanaoikata ili onyesho liwe fupi wanakata dawa yenyewe.

Kwa hiyo kwenye karatasi yako usianze na kiburi. Anza na Delfi, swali lililoulizwa na jibu lililotolewa, uonyeshe kutojua kwake kulizaliwa hapo na kukamfikisha njia tatu. Kisha nenda kwa mjumbe wa Korintho, utaje alikuja kufanya nini na kikatokea nini, maana bila hizo pande mbili haujaeleza mpinduko. Kwenye katharsisi taja huruma na hofu kila moja na sababu yake, alafu chagua sini moja baada ya anguko uichambue, ya binti zake au ile ya mkono ni wangu. Na kama mhadhiri wako anashikilia kiburi, mnukulie tu Aristoteli kwamba anguko sio la uovu, alafu umwombe yeye akuonyeshe ni tendo gani la kiburi ambalo ukilitoa Laio anabaki hai.